Dakika tatu na nusu za kuambatisha: uchambuzi wa kisa cha rekodi ya kikao

Kamati ya mradi ilifanya kikao kwa njia ya mtandao na kikarekodiwa chote. Rekodi ilikuwa faili moja la MP4 lenye saa 1, dakika 52 na ushei. Siku chache baadaye katibu akaandika taarifa, na ndani yake mlikuwa na sentensi hii: "Kamati ilikubali kusogeza makabidhiano kwa wiki 6." Mjumbe wa fedha alipoisoma rasimu akaipinga. Hakukana kwamba wiki 6 zilitajwa. Alichokataa ni kwamba zilitajwa bila sharti. Mwenyekiti akaona ubishi hautaisha kwa barua pepe, akaagiza sehemu hiyo ya rekodi ikatwe na iambatishwe kwenye taarifa, ili atakayesoma aweze pia kusikia.

Agizo lilionekana jepesi. Katibu anaijua programu ya ffmpeg kiasi cha kumtosha, na kukata video kwa ffmpeg ni amri ya mstari mmoja. Mimi niliombwa kuitazama kazi kabla haijatoka. Nimeona kisa hiki kinafaa kuandikwa kirefu kwa sababu kipande cha kwanza kilionekana safi kabisa kwenye kompyuta ya katibu, na bado kilikuwa kimebeba siri ambayo haikupaswa kutoka nje ya kikao.

Kazi ya kwanza ilikuwa kuipata sehemu yenyewe. Katika kumbukumbu za kikao katibu alikuwa ameandika kwamba ajenda ya 5 ilianza saa 4:52 asubuhi. Rekodi haijui saa ya ukutani, yenyewe huhesabu kuanzia sifuri, pale mtu alipobonyeza kitufe cha kurekodi. Kwa bahati nzuri, kwa sehemu kubwa ya kikao mmoja wa wajumbe alikuwa akionyesha skrini yake, na kwenye kona ya skrini hiyo saa ya kompyuta ilikuwa inasomeka. Katibu alisogeza video hadi dakika ya 20:00, akaona saa ya skrini inasoma 10:27, yaani saa 4:27 asubuhi. Akapiga hesabu: rekodi ilianza 10:07, basi 10:52 itakuwa dakika ya 45 ya rekodi. Akaenda dakika ya 45 na kuwakuta watu wameshafika kwenye ajenda nyingine kabisa.

Sababu ni mapumziko. Katikati ya kikao watu walikwenda kunyoosha miguu, na aliyekuwa anarekodi akasimamisha rekodi kwa muda. Rekodi ikisimamishwa namna hiyo, faili halibaki na pengo. Sekunde ya mwisho kabla ya mapumziko inafuatwa moja kwa moja na sekunde ya kwanza baada yake. Kwa hiyo tofauti kati ya saa ya ukutani na hesabu ya faili hubadilika pale pale, na kipimo kimoja kilichochukuliwa mwanzoni hakitoshi kwa kikao kizima. Tukachukua kipimo cha pili baada ya mapumziko: kwenye dakika ya 50:00 ya faili, saa ya skrini ilisoma 11:04. Ukitoa dakika 50 unapata 10:14, si 10:07. Dakika 7 zilikuwa zimemezwa. Ajenda ya 5 basi ilianza karibu na dakika ya 38 ya faili, na ndiko ilikokuwa.

Nasema "karibu" kwa sababu saa ya skrini inaonyesha dakika tu. Ikisoma 11:04 inaweza kuwa ndiyo kwanza imegeuka, au inakaribia kugeuka kuwa 11:05. Anayetaka usahihi zaidi atafute mahali namba inapobadilika mbele ya macho yake, asome hesabu ya faili hapo hapo. Kwa kazi yetu dakika moja ya kukosea haikuwa tatizo. Tulihitaji kufika kwenye mtaa, nyumba tungeitafuta kwa masikio.

Kisha likaja swali la wapi kianzie na wapi kiishie. Hapa ndipo mimi na katibu tulipotofautiana kwa muda mrefu kuliko mahali pengine popote. Yeye alitaka sekunde 20 tu: mwenyekiti anasema "basi tumekubaliana, wiki sita" kwenye 39:50, ikatwe hapo, kwisha. Ni kipande kinachovutia kwa sababu ni kifupi na kinaiunga mkono sentensi ya taarifa moja kwa moja. Lakini taarifa ilipingwa kwa sababu ya sharti, na sharti halimo kwenye sekunde hizo 20. Mjumbe wa fedha analitaja kwenye 40:40: malipo ya awamu ya pili yasubiri hadi makabidhiano. Mwenyekiti anamjibu "sawa, hilo liandikwe" kwenye 41:31. Kipande kinachoishia kabla ya hapo kinamfanya mjumbe aonekane amenyamaza, wakati hakunyamaza.

Kanuni ninayoitumia ni kwamba kipande kianze na swali ambalo jibu lake linabishaniwa, na kiishe pale mada inapobadilika au mtu wa mwisho anapomaliza kuizungumzia hoja hiyo. Swali la kusogeza tarehe liliulizwa kwenye 38:11. Tukarudi nyuma sekunde chache ili sauti ya kwanza isikike imeanza na si imekatwa, tukaweka mwanzo 38:07. Mwisho tukauweka 41:38, baada ya mwenyekiti kusema "ajenda ya sita". Jumla ni dakika 3 na sekunde 31. Msomaji wa taarifa anaweza kusikiliza muda huo bila kuchoka.

Katibu hakuchagua kurudi sekunde 4 tu kwa kubahatisha. Nyuma kidogo ya hapo kulikuwa na ajenda ya 4, iliyozungumzwa kama jambo la ndani: ugonjwa wa mfanyakazi mmoja na likizo yake. Mazungumzo hayo yaliisha kwenye 38:01. Kati yake na mwanzo wetu kulikuwa na sekunde 6 za watu kukohoa na kusogeza makaratasi. Kwa hesabu ya karatasi tulikuwa salama.

Amri aliyoitumia katibu ilikuwa hii:

```
ffmpeg -ss 38:07 -i kikao.mp4 -t 3:31 -c copy dondoo.mp4
```

Ikamaliza kazi kabla hajaondoa mkono kwenye kibodi. Akafungua faili, likaanza pale pale alipotaka, likaishia alipotaka, na sura za watu hazikuwa zimeharibika hata kidogo. Akamtumia mwenyekiti kwa ukaguzi. Mwenyekiti akalifungua kwa programu nyingine ya kuchezea video, na sauti ya kwanza aliyoisikia ilikuwa yake mwenyewe, akimtaja mfanyakazi yule na ugonjwa wake.

Kilichotokea kinahusu namna video inavyohifadhiwa. Faili la video halitunzi kila picha kwa ukamilifu, kwa sababu lingekuwa kubwa kupita kiasi. Hutunza picha kamili moja moja, na kati ya picha kamili mbili hutunza maelezo ya kilichobadilika tu. Picha isiyo kamili haiwezi kuonyeshwa bila kuanzia kwenye picha kamili iliyoitangulia. Katika rekodi za vikao, hasa mtu anapoonyesha skrini isiyobadilika, picha kamili zinaweza kuwa mbalimbali sana, na wala umbali wake haulingani. Katika faili letu tuliziorodhesha hivi:

```
ffprobe -v error -select_streams v:0 -skip_frame nokey -read_intervals 37:00%39:00 -show_entries frame=pts_time -of csv=p=0 kikao.mp4
```

Jibu linatoka kwa sekunde tangu mwanzo wa faili. Mwanzo wetu, 38:07, ni sekunde ya 2287. Picha kamili ya karibu nyuma yake ilikuwa kwenye 2271.866, yaani 37:51 na ushei. Iliyofuata ilikuwa kwenye 2295.066, ambayo ni 38:15, baada ya swali kuanza kuulizwa.

Sasa, maneno `-c copy` yanaiambia ffmpeg ibebe data kama ilivyo, isiifungue wala isiibane upya. Ndiyo sababu ya kasi ile, na ndiyo sababu ya ubora kutoguswa. Lakini kwa kuwa haifungui picha, haiwezi kuanza katikati, inalazimika kuanza na picha kamili iliyotangulia. Kwa hiyo faili letu lilichukua kila kitu kuanzia 37:51, sauti na picha. Kisha ndani ya MP4 ikawekwa alama inayoiambia programu ya kuchezea: "anza kuonyesha baada ya sekunde 15." Programu ya katibu iliitii alama hiyo. Ya mwenyekiti haikuitii. Sekunde 15 zile zilikuwemo kwenye faili muda wote, na karibu 9 kati yake zilikuwa za ajenda ya 4.

Hili ndilo jambo ambalo ningependa kila anayekata rekodi za vikao alielewe vizuri, kwa sababu halionekani. Mtu anakagua kipande, anakiona sawa, anakituma. Aliyekipokea akikiingiza kwenye programu ya kuhariri, au ya kuandika maneno kutoka kwenye sauti, au programu yoyote isiyojali alama ile, anapata kilichofichwa. Si lazima awe na nia mbaya. Na kwa kuwa programu maarufu nyingi zinaitii alama, unaweza kutuma vipande vya namna hii mara nyingi usijue.

Kipimo chake ni chepesi. Lifungue faili kwa kuiambia programu ipuuze alama:

```
ffplay -ignore_editlist 1 dondoo.mp4
```

Likianza mahali tofauti na pale linapoanza kwa kawaida, kuna kitu kimebebwa zaidi. Dondoo la katibu lilianza na ugonjwa wa mfanyakazi.

Kwa video za mambo ya kawaida, dawa ya haraka ni kusogeza mwanzo hadi penye picha kamili na kuendelea kutumia `-c copy`. Kwetu haikufaa: picha ya nyuma iko ndani ya ajenda ya 4, na ya mbele inakata swali. Ilibidi kubana upya. Ukibana upya, ffmpeg bado inaanza kusoma kwenye picha kamili ya nyuma, lakini inazifungua sekunde zile 15, inazitupa, halafu inatengeneza picha kamili mpya hasa pale ulipotaka kuanzia. Kilichotupwa hakimo tena. Ubora unapungua kidogo, na kwa sura za watu kwenye visanduku vidogo hakuna atakayeona tofauti. Pa kuangalia ni maandishi madogo kwenye skrini iliyoonyeshwa. Yakififia, shusha namba ya `-crf` kutoka 23 hadi 20 au 18, faili litakuwa kubwa zaidi na maandishi yatarudi kusomeka.

Kabla ya kubana tukagundua jambo la pili, safari hii kwa kusikiliza tu hadi mwisho. Kwenye 40:52 mjumbe wa fedha, akieleza malipo, anasoma namba ya akaunti ya benki kwa sauti. Inamchukua sekunde 6. Katibu alipendekeza sekunde hizo zikatwe na pande mbili ziunganishwe. Nilikataa, na ningekataa tena. Kipande kinachotolewa kama ushahidi wa kilichosemwa kikiwa na mruko katikati, hata wa nia njema, kinampa mpinzani sababu ya kuuliza ni nini kingine kimeondolewa. Tena hesabu ya muda inaharibika: kila kilicho baada ya mruko hakilingani tena na rekodi halisi. Ni afadhali kuinyamazisha sauti na kuacha picha iendelee. Ukimya unasikika, unajulikana ulipo, na unaweza kuelezwa kwa maandishi. Namba yenyewe haikuwa kwenye skrini wakati huo, tuliangalia. Ingekuwepo, ingebidi kuifunika pia.

Kwenye dondoo, 40:52 ni sekunde ya 165, maana hesabu mpya inaanzia sifuri kwenye 38:07. Amri ya mwisho ikawa:

```
ffmpeg -ss 38:07 -i kikao.mp4 -t 3:31 \
  -af "volume=enable='between(t,165,171)':volume=0" \
  -c:v libx264 -crf 20 -c:a aac -b:a 96k \
  -map_metadata -1 -map_chapters -1 kiambatisho_b.mp4
```

Maneno mawili ya mstari wa mwisho yanazuia maelezo ya faili la asili kuhamia kwenye kipande: kichwa cha kikao, tarehe, na orodha ya sehemu za rekodi zilizopewa vichwa kama ipo. Katika kikao hiki kichwa cha rekodi hakikuwa na siri yoyote, lakini sipendi kuwaza upya kila mara.

Mtu atauliza kwa nini tumeandika urefu, `-t 3:31`, badala ya kuandika mwisho, `-to 41:38`, ambao ndio unaokuja akilini kwanza. Jibu ni kwamba `-ss` ikiwekwa kabla ya `-i`, hesabu inaanza upya kutoka sifuri, na `-to` inayokuja baada ya `-i` inasomwa kwa hesabu hiyo mpya. Ungepata dakika 41 na sekunde 38 kuanzia 38:07, yaani hadi saa 1:19:45 ya rekodi. Dalili yake ni faili kubwa lisilo na maelezo. Ukipenda `-to`, iweke nayo kabla ya `-i`.

Tulikipima kipande kwa njia ileile ya kupuuza alama, kikaanza 38:07 na si kabla. Tukasikiliza sekunde ya 160 hadi ya 175 kuona ukimya umeanza na kuisha panapotakiwa. Sauti ilirudi katikati ya neno la mjumbe, tukaridhika nayo, kwa kuwa neno hilo halikuwa na uzito kwenye hoja.

Mwenyekiti aliuliza kama isingetosha kuambatisha sauti peke yake. Swali zuri, na mara nyingi jibu ni ndiyo. Sauti haina tatizo la picha kamili: ya AAC yenye sampuli 48,000 kwa sekunde imegawanywa vipande vya sampuli 1024, kila kimoja kikiwa na urefu wa kama sehemu 21 za elfu ya sekunde, hivyo mkato wowote unaangukia karibu kabisa na ulipotaka. Kwa ubora wa 96k, dakika 3 na nusu ni kama MB 2.5, inapita kwenye barua pepe bila shida. Lakini kwetu tarehe mpya ya makabidhiano haikutamkwa na mtu. Iliandikwa kwenye jedwali lililokuwa linaonyeshwa, wakati mwenyekiti akisema "hiyo hapo." Sauti pekee ingeacha "hiyo hapo" ikining'inia.

Kwenye taarifa, kiambatisho kilielezwa hivi: "Kiambatisho B ni sehemu ya rekodi ya kikao, kuanzia 38:07 hadi 41:38 ya faili halisi. Sauti imenyamazishwa kuanzia 2:45 hadi 2:51 ya kiambatisho ili kulinda namba ya akaunti ya benki. Hakuna sehemu nyingine iliyobadilishwa au kuondolewa ndani ya muda huo." Chini yake likafuata andiko la mazungumzo yenyewe, neno kwa neno, na pembeni mwa kila msemaji hesabu mbili za muda, ya rekodi halisi na ya kiambatisho. Wapo wasomaji ambao hawatafungua video kamwe, na mwenye kutaka kuhakiki asilazimike kufanya hesabu ya kutoa. Katibu akaongeza alama ya `sha256sum` ya faili halisi kwenye kumbukumbu za ofisi, ili baadaye ijulikane kama ndilo lile lile. Pia alilipakua faili hilo kutoka kwenye huduma ya kikao na kulihifadhi kwingine, kwa sababu huduma hizo zinaweza kupangwa kufuta rekodi zenyewe baada ya muda.

Dondoo lililipatia sharti ushahidi, na sentensi ya taarifa ikarekebishwa kuwa na malipo ya awamu ya pili ndani yake. Lakini neno "kamati ilikubali" nalo lilibidi liondoke. Ukisikiliza dakika zote tatu na nusu, wanaosema ni watatu tu: aliyeuliza, mwenyekiti na mjumbe wa fedha. Wengine saba wamezima sauti zao na baadhi wamezima na kamera. Hakuna kura iliyopigwa, hakuna aliyeulizwa kama anapinga. Rekodi inaonyesha kwamba mwenyekiti alitangaza makubaliano na hakuna aliyesikika kupinga, na taarifa ikaandikwa kwa maneno hayo.